Masheikh wawili, ujumbe mmoja: kwa nini fatwa zilipishana

*Asalamu alaykum sheikh. Mume wangu yuko Doha kikazi, huu mwaka wa pili. Usiku mmoja tuligombana kwa simu, akakata, kisha akaniandikia WhatsApp: "Basi nimekuacha, nenda kwenu." Nilimuuliza sheikh mmoja, akasema nishaachika, nikae eda. Nikamuuliza mwengine, akasema mimi bado ni mke wa mtu. Wote wawili ni watu wa elimu. Nimfuate nani, na nitamjuaje mwenye haki ya kutoa fatwa? — Mama wa wawili, Mombasa*

Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Kabla ya kusema nani kapata na nani kakosa, kumbuka kwanza: kila mmoja ulimuulizaje? Nimepokea maswali ya talaka kwa miaka mingi, na mara nyingi nikifuatilia fatwa mbili zilizopishana hadi zilikotoka, nakuta yaliyopishana ni maswali. Mwanamke huenda kwa sheikh wa kwanza machozi yakimtoka, akasema, "Mume wangu ameniacha kwa simu, nifanye nini?" Neno "ameniacha" ni hukumu tayari. Sheikh hakuulizwa kama talaka imepita. Ameambiwa imepita, naye akaeleza kinachofuata, yaani eda. Wiki ya pili, moyo umetulia kidogo, huenda kwa mwengine akauliza, "Mtu akiandika tu kwenye simu kwa hasira, hiyo ni talaka?" Huyu naye hakuonyeshwa maneno yenyewe, basi hujibu kwa kanuni ya jumla kwamba maandishi matupu yasiyo na nia hayaachi mke. Kila mmoja amejibu sawa kile alichowekewa mbele yake. Jambo lako wewe halijajibiwa bado.

Fatwa ni jawabu, na jawabu halina nguvu kuliko swali lake. Hapa ndipo mufti anapotofautiana na kadhi. Kadhi huwaita wote wawili, husikiliza mashahidi, humwapisha mtu, kisha hutoa hukumu inayowabana waliosimama mbele yake. Mufti hana mashahidi. Anaeleza sheria inasemaje juu ya sura aliyoelezwa, na sura ikiwa na kasoro, jawabu litakuwa sahihi kwa jambo ambalo halikutokea.

Wazee wetu wa fiqhi walilijua hili vizuri, wakaliwekea adabu. Ibn Swalah, aliyefariki Damascus mwaka 1245, aliandika juu ya adabu za mufti na muulizaji, na Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, akayachukua mengi ya hayo akayaweka mwanzoni mwa sharhe yake kubwa ya fiqhi ya Kishafii. Zamani zile swali liliandikwa kwenye kikaratasi, na mufti akajibu papo hapo chini yake. Nawawi anamtaka mufti akisome kikaratasi neno kwa neno, na mwisho wake akiangalie zaidi, kwa kuwa huko ndiko swali liliko. Akikuta nafasi tupu katikati ya mistari aipige msitari, mtu asije akachomeka neno baada ya jawabu kuandikwa. Na kuna sharti moja ambalo mimi naliona ni uti wa mgongo wa kazi hii: mufti hajibu kwa anayoyajua yeye kuhusu tukio ikiwa hayamo kwenye karatasi. Anajibu yaliyoandikwa. Akiona kuna jambo limeachwa, anaongeza, "na ikiwa hali ilikuwa hivi, basi jawabu ni hivi." Ndiyo maana fatwa nyingi huanza na maneno "ikiwa hali ni kama ilivyoelezwa." Sheikh hajifichi nyuma ya maneno hayo. Anakwambia jawabu lake linafika wapi.

Mimi mwenyewe nimeshawahi kuiacha adabu hii, na nilijutia. Baada ya Magharibi, tukivaa viatu mlangoni mwa msikiti, kijana mmoja aliniuliza, "Sheikh, nimemwambia mke wangu nenda kwenu, nimemwacha?" Nikamuuliza kama alikusudia talaka. Akasema hapana. Nikamwambia basi mkeo yupo. Miezi mitatu baadaye akaja kaka wa yule mke, na ndipo nikajua kuwa siku ile kijana alikuwa amesema, "Nimekupa talaka, nenda kwenu." Kwangu alileta mkia, kichwa akakiacha nyumbani. "Nenda kwenu" peke yake ni neno la kubabaisha, linahitaji nia. "Nimekupa talaka" ni neno la wazi, halimuulizi mtu nia yake. Kijana hakunidanganya kwa kila hali, maana alilotaja alilisema kweli. Kosa lilikuwa langu, nilijibu wima bila kumwambia, "Nisomee maneno yote, tangu la kwanza hadi la mwisho."

Sasa tuuchukue ujumbe wako tuupitishe kama mufti anavyopaswa kuupitisha. Darul Iftaa ya Misri, ofisi ya fatwa iliyoanzishwa mwaka 1895, huieleza kazi hii kwa hatua nne, nami naziona zinafaa popote: kuchora sura ya tukio, kulitia tukio kwenye fungu lake la fiqhi, kuitafuta hukumu ya fungu hilo, kisha kuishusha hukumu juu ya mtu huyu aliyeuliza. Hatua ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Katika sura ya tukio lako, la mwanzo ni kwamba mume aliandika, hakutamka. Lingekuwa tamko, hata la kurekodiwa sauti na kutumwa, tungekuwa kwenye mlango mwengine, kwa sababu sauti ni matamshi. La pili ni nani aliyeandika: yeye kwa mkono wake, au simu ilikuwa kwa mwenziwe chumbani? La tatu ni maneno yenyewe, bila kupunguza wala kufupisha. Kisha alikuwa na nia gani alipokuwa akiandika, mlishawahi kupeana talaka kabla, na wewe siku ile ulikuwa twahara au kwenye hedhi.

Fungu lake ni talaka ya maandishi kutoka kwa mtu anayeweza kusema. Kwenye Minhaji ya Nawawi, kitabu ambacho pwani yetu yote imekisoma, suala hili limekaa kwa ufupi kabisa: mwenye kusema akiandika talaka bila kuikusudia, maandishi yake ni upuuzi tu, akiikusudia, kauli yenye nguvu zaidi ni kwamba imepita. Maandishi, hata yakiwa na neno "talaka" lenyewe, yanahesabiwa kinaya. Neno hili nalitumia kwa maana ya mafakihi, si kwa ile ya mitaani: ni lile lenye kubeba talaka na kubeba jambo jingine, halitambuliki ila kwa nia ya mwenyewe. Mtu anaweza kuandika ili kutisha, kujaribu, au kuumiza moyo. Tena nia hiyo iwepo pale pale anapoandika. Akiandika kwa hasira tupu, kisha kesho yake akajiambia "basi na iwe hivyo," nia ya kesho haifufui maandishi ya jana.

Minhaji inaendelea na suala linalowagusa sana watu wa simu. Mume akiandika, "Ukifikiwa na barua yangu umeachika," naye amekusudia, talaka haipiti ila barua ifike. Akiandika, "Ukiisoma barua yangu," na mke anajua kusoma, mtu mwengine akamsomea, basi kwa kauli sahihi zaidi haipiti mpaka asome mwenyewe. Tazama jinsi neno moja, "ikifika" au "ukisoma," linavyoigeuza hukumu. Ujumbe wako haukuwa na sharti, kwa hiyo ikiwa kuna nia, talaka ilipita pale alipoandika. Haikungoja alama za buluu.

Huenda pia mmoja wa masheikh wako amesoma kwa Mahanafi. Kwao maandishi yaliyo wazi, yaliyoelekezwa kwa mke kwa jina au kwa namna ya barua ya kawaida, yanapita bila kuulizwa nia, na baadhi ya mamufti wao wa leo huhesabu ujumbe wa simu kuwa wa namna hiyo. Kwa hiyo kila mufti anayekujibu ana wajibu wa kukwambia anasimama kwenye madhehebu gani. Zamani alitia sahihi "ameandika fulani, Mshafii," na nisba ile ilikuwa sehemu ya jawabu.

Hapa niingie kwenye sifa za mufti, kwa kuwa umeniuliza utamjuaje. Nawawi anataka awe Muislamu mwenye akili timamu, muaminifu, aliyejiepusha na ufasiki na yanayomvunjia mtu heshima, mwenye fahamu ya fiqhi ndani ya nafsi yake, akili iliyotulia, na macho makali. Kisha anasema wote ni sawa katika hili: huru na mtumwa, mwanamume na mwanamke, kipofu, na bubu akiandika au ishara yake ikifahamika. Nimekuwekea hili makusudi. Katika madhehebu yetu kadhi ni mwanamume, lakini fatwa inaweza kutoka kwa mwanamke mwenye elimu, na mambo ya hedhi na eda wengi wenu mngeyaeleza kwa ukamilifu zaidi mbele ya mwanamke mwenzenu kuliko mbele yangu.

Elimu nayo ina ngazi. Juu kabisa ni mujtahidi anayechota hukumu kutoka kwenye Qur'ani na Sunna bila kumfuata imamu yeyote, na Ibn Swalah katika zama zake alikwisha sema kuwa ngazi hiyo imetoweka kwa muda mrefu. Chini yake wanashuka hadi kwa anayeyahifadhi madhehebu, kuyafahamu na kuyanakili kwa uaminifu. Wanaokujibu leo Mombasa, Lamu, Unguja au Tanga, wengi wako ngazi hii ya mwisho, wala si aibu. Lakini mwenye kunakili ana sharti lake: ajue kauli inayotegemewa ndani ya madhehebu. Kwetu husemwa tegemeo ni walilokubaliana Rafii na Nawawi, na baada yao Ibn Hajar na Ramli. Aliyefungua kitabu kimoja akaona kauli moja akaisoma kwa sauti kubwa, huyo hajanakili madhehebu, amesoma ukurasa.

Cheo si kipimo peke yake. Zanzibar ina Ofisi ya Mufti kwa sheria ya mwaka 2001, Kenya ina Kadhi Mkuu, Uganda na Tanzania Bara wana mamufti wao. Ofisi hukupa mahali pa kwenda, karatasi yenye muhuri na mtu wa kuulizwa kesho. Lakini aliye mbele yako mpime kwa vitendo. Mpime kwanza kwa maswali anayokuuliza. Mufti ambaye umemsomea ujumbe wa talaka akajibu kabla hajakuuliza kuhusu nia ya mume, mtafute mwengine. Mpime pia kwa neno "sijui": imepokewa kuwa Imamu Malik aliulizwa masuala 48, na katika 32 akajibu, "Sijui." Na umtazame hali yake. Akiwa na hasira, njaa kali, usingizi au huzuni inayomtoa kwenye mizani, hapaswi kujibu hadi atulie.

Sifa moja nyengine haizungumzwi sana huku kwetu, na kwa suala lako naiona kubwa kuliko zote. Nawawi anasema haijuzu kutoa fatwa juu ya viapo, ikirari na kila kilichofungamana na matamshi ya watu, ila kwa mufti anayetoka kwenye mji wa msemaji au anayeijua lugha yao na makusudio yao kama wao. Fikiria "nimekuacha." Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi ataambiwa kuacha ni kuondoka mahali, au kutochukua kitu, na mtu anaweza kusema "nimekuacha sokoni." Mswahili anajua kuwa mume akimwambia mkewe "nimekuacha," sikio la kwanza linasikia talaka, na aliyeachwa ndiye mtalaka. Anajua pia kuwa "nenda kwenu" siku nyengine ni hasira za jikoni na siku nyengine ndiyo basi. Na anajua kuwa "nishakuacha mimi, fanya utakavyo" mtu humwambia hata ndugu yake aliyemchosha. Kwa hiyo swali kuhusu maneno ya Kiswahili usilipeleke kwa mtu wa mbali kwa tafsiri. Ukishaitafsiri "nimekuacha" kwa Kiarabu kuwa "twallaqtuki," umemwondolea mufti jambo aliloitwa kulipima.

Basi liandike upya, na umpelekee mmoja tu. Andika kwa karatasi, kwa namna hii, ukijaza ukweli wako pale ambapo mimi nimebahatisha:

"Mwasemaje, Mungu awahifadhi, juu ya Zaidi aliyeko safarini. Aligombana na mkewe Hindi kwa simu, kisha akamwandikia kwa mkono wake maneno haya, bila kuyatamka: 'Basi nimekuacha, nenda kwenu.' Wameishi pamoja na wana watoto wawili. Hakuna talaka iliyotangulia. Hindi siku hiyo alikuwa twahara. Zaidi alipoulizwa kuhusu nia yake, alisema kadha. Je, talaka imepita? Ikiwa imepita, ni ngapi, na eda inahesabiwa tangu lini?"

Zaidi na Hindi ni majina ya kupanga, desturi ya zamani ya vitabu, ili mufti asijue ni mke wa nani wala asimwonee haya mtu. Katika swali hili hakuna "mume mkorofi," hakuna "ameniacha," hakuna "nisaidie nirudi kwangu." Huzuni yako ni ya kweli na sheikh mwema ataisikiliza, lakini aisikilize pembeni ya karatasi. Swali lililobeba matakwa ya muulizaji humvuta mjibu bila yeye kujua.

Na jawabu lililosimama vizuri halihitaji kurasa. Lingekuwa hivi:

"Alhamdulillahi. Ikiwa hali ni kama ilivyoelezwa, maandishi ya anayeweza kusema ni kinaya. Zaidi akiwa alikusudia talaka alipokuwa akiandika, imepita talaka moja ya rejea, maadamu hakukusudia zaidi, na eda ni tangu alipoandika. Akiwa hakukusudia, haikupita kitu. Kauli yake juu ya nia yake inakubaliwa kwa kiapo. Hindi akimkanusha, jambo ni la kadhi. Wallahu aalam. Ameandika fulani, Mshafii." Na chini yake tarehe.

Ona kuwa lina matawi mawili, kwa sababu nia haijathibitika. Mufti aliyekupa tawi moja pekee, "umeachika" au "hujaachika," huku nia haijulikani, amekata mti usio wake. Mufti akiona kuna haja ataongeza dalili, au onyo kama vile mume kuulizwa haraka kabla eda haijaisha. Dalili ndefu si lazima kwa muulizaji wa kawaida. Mashehulislamu wa Kituruki, yaani mamufti wakuu wa dola yao, walikuwa wakijibu kwa neno moja au mawili, inapita au haipiti, kwa kuwa swali lilikuwa limeshapigwa msasa na makarani kabla ya kuwafikia.

Unauliza umfuate nani, endapo hata baada ya hapo wawili watapishana. Wanazuoni wetu wana kauli tano: achukue iliyo nzito, achukue nyepesi, amfuate mjuzi na mchaji zaidi, amuulize wa tatu, au achague. Ibn Swalah anasisitiza atafute iliyo na nguvu zaidi. Nawawi akaona kuchagua ndiko kulikodhihiri. Hilo latosha kwa ibada yako mwenyewe, lakini talaka ina haki za watu wawili na watoto, na wewe huwezi kuchagua kauli moja huku mumeo kachagua nyengine. Kenya unayo mahakama ya kadhi, ambayo Ibara ya 170 ya Katiba imeipa mamlaka ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaoikubali. Kadhi akishahukumu, tofauti ya mamufti juu yenu inakwisha.

Wakati unayangoja hayo, usiufute ujumbe. Upige picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa, na uandike mahali hedhi zako tangu usiku ule, maana eda yetu ni twahara tatu, na kama talaka ilipita basi siku zinakwenda ujue usijue. Ndani ya eda anaweza kukurejea kwa kutamka tu, "Nimekurejea."

Kisha muulize mwenyewe leo, kwa utulivu, na swali lako liwe hili hili: "Ulipoandika yale maneno, ulikusudia kunipa talaka, na ngapi?" Usimwambie, "Basi nipe talaka yangu nijue moja," kwa kuwa akijibu, "Nimekupa," hilo ni jambo jipya lenye hukumu yake, na tutakuwa tunazungumzia talaka ya pili. Jawabu lake, la maandishi au la sauti, ndilo litakalojaza pale nilipoandika "kadha."